Orodha ya asubuhi ikikwama: dalili, chanzo na namna ya kuikwamua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana orodha ya kazi zake, iwe kwenye kaunta buku au kwenye simu, na kila asubuhi anaigawa mafungu matatu: Haraka, Nasubiri na Baadaye. Kuandika anaandika. Shida yake ni kwamba ikifika saa tano orodha na siku vimeshaachana njia, au kuna mistari anayoisoma asubuhi hadi asubuhi na haisogei.

Tutamtumia fundi mmoja wa madirisha ya aluminiamu, mwenye karakana Chang'ombe hapa Dodoma. Nimemchagua fundi kwa sababu kazi yake imejaa kusubiri: vioo vinatoka Dar, malipo yapo kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, wenye nyumba wanazojenga huku wako safarini nusu ya mwezi. Leo ni Jumanne, tarehe 2 Juni, na kaunta buku lake linasema hivi:

Madirisha Ilazo
Vioo Dar
Ankara Mtumba
Bei ya mteja wa Iyumbu
Kodi
Bima ya pikapu
Ada ya mtoto
Paa la karakana
Kibao cha nje

Kabla ya dalili yoyote, tuelewane mafungu yenyewe, maana nusu ya matatizo yanaanzia hapo. Haraka ni jambo ambalo leo ikipita kuna kitu kinaharibika au nafasi inapotea, na unaweza kukitaja. Nasubiri ni jambo ambalo hatua yake inayofuata iko mkononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo umeshamwomba. Baadaye ni kila kilichobaki, kikiwa na siku yake ya kurudi. Watu wengi wanadhani Baadaye ni mbali. Kesho saa mbili asubuhi nayo ni Baadaye. Ukilikubali hilo, fungu la Haraka linapungua lenyewe kabla hujafanya lolote.

Dalili ya 1: karibu kila kitu kinaangukia Haraka

Fundi wetu akipitia mistari yake tisa kwa mara ya kwanza, anaweka alama ya H kwenye saba. Siku yake ina saa nane za kazi, na kati ya hizo sehemu kubwa huliwa na barabara, simu na wateja wanaopita "kusalimia tu". Mambo saba hayaingii.

Chanzo cha kwanza ni kwamba mstari si kazi, ni jina la kazi. "Madirisha Ilazo" ni wiki mbili za kupima, kukata, kufunga fremu, kuweka vioo na kuziba silikoni. Ukiuliza kama wiki mbili hizo ni za haraka, jibu litakuwa ndiyo daima. Uliza badala yake: mkono wangu unaanzia wapi? Anapojiuliza hivyo anagundua kwamba hatua inayofuata ni kufunga fremu nne za vyumba vya nyuma, kazi ya kama saa tatu. Na kuna jambo analijua ila hakuliandika: mwenye nyumba anaondoka kesho alfajiri kwa treni kwenda Dar, na ufunguo wa vyumba vile anatembea nao. Leo ikipita, hadi arudi. Hiyo ni Haraka halali, na mstari sasa unaandikwa upya: "Ilazo, funga fremu 4 za nyuma, kabla ya saa kumi na moja, mwenye ufunguo anasafiri kesho."

Chanzo cha pili ni kuchanganya sauti kubwa na mwisho wa muda. Mteja wa Iyumbu amepiga mara mbili jana: "Fundi, nitumie bei leo leo." Je, bei ikienda kesho nini kitatokea? Fundi anajua nyumba ile bado haijapigwa plasta, na vipimo vya mwisho vya dirisha huchukuliwa baada ya plasta. Hakuna kitakachoharibika. Jambo linakwenda Baadaye, kesho saa moja asubuhi, lakini haliendi kimyakimya. Mteja anatumiwa ujumbe mmoja: "Habari za asubuhi kaka, bei yako unaipata kesho kabla ya saa nne." Kuahirisha bila kumwambia mwenye shida yake ndiko kunakoleta simu ya tatu, na simu ya tatu ndiyo inayokuvuruga ukiwa juu ya ngazi.

Chanzo cha tatu ni uzito. Bima na kodi ni mambo mazito, kwa hiyo mkono unaandika H bila kuuliza. Bima ya pikapu inaisha tarehe 14 Juni. Akiandika Jumatano tarehe 10, bado ana siku za kutosha hata mtandao ukisumbua, na leo haina sababu ya kumpigia kelele. Jambo likiwa zito lakini mwisho wake ukiwa mbali, kinachotakiwa ni tarehe nzuri, si nafasi ya leo.

Namna ya kujua kama umepona: jumlisha saa za kazi zilizo Haraka. Mimi nachukulia kwamba mtu wa kazi za nje kama huyu asiahidi zaidi ya saa tano kwa siku, kwa sababu zinazobaki ataporwa tu. Zikizidi tano, hujamaliza kupanga. Kuna mtu wa kumpigia simu na kuomba siku nyingine, na ni afadhali apigiwe saa moja asubuhi kuliko saa kumi jioni.

Dalili ya 2: mambo ya Nasubiri hayasogei wiki hadi wiki

Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa sababu fungu hili likioza halitoi harufu. Jambo la haraka lisipofanyika utalaumiwa leo hii. Jambo linalosubiri linalala tu, nawe unalala ukiamini kuna mtu anashughulika nalo.

Mtihani wa kwanza: je, kuna jina? "Ankara Mtumba" inasubiri nani? Ofisi haina mkono wa kusaini wala simu mfukoni, watu ndio wanavyo. Fundi alipeleka ankara tarehe 12 Mei, akaambiwa "acha hapo, tutakupigia". Aliyemwambia hivyo ni wa mapokezi. Kwa hiyo kwa wiki tatu amekuwa akimsubiri mtu ambaye jambo halimhusu tena. Mstari wa Nasubiri usio na jina la mtu, au angalau cheo na namba ya simu, urudi Haraka ukiwa na kazi mpya: kutafuta ni nani.

Mtihani wa pili: je, umeomba kweli? Kuna mambo mengi yamewekwa Nasubiri kwa sababu yule mtu "anajua". Anajua kwamba unadai, lakini hakuna siku uliyomwambia nipe kitu fulani kufikia siku fulani. Hilo bado liko mkononi mwako.

Mtihani wa tatu ndio unaouma: je, si wao wanaokusubiri wewe? Mhasibu akipatikana anaweza kukwambia kwa upole kabisa kwamba ankara imekaa kwa sababu haina karatasi ya kuthibitisha kazi ilipokelewa, au namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja, na alidhani unalijua hilo. Jambo lililokaa zaidi ya wiki mbili bila neno lolote, lichukulie kwanza kwamba limekwama kwako wewe, hadi uthibitishe vinginevyo.

Namna ya kuuliza nayo ina sehemu yake. Ukiuliza "vipi, tayari?" utajibiwa "bado kidogo" au "iko kwenye mchakato", na majibu hayo hayakupi chochote cha kuandika. Uliza swali ambalo mchakato hauwezi kulijibu. Faili liko kwenye meza ya nani kwa sasa? Kuna karatasi yoyote inayopungua kutoka kwangu? Fundi wetu anaweza kuandika hivi kwa mhasibu mama wa makamo:

"Shikamoo mama. Ni fundi wa madirisha, ankara ya tarehe 12 Mei. Naomba kujua kama kuna kiambatisho kinachopungua ili nikilete leo kabla hamjafunga. Na kama viko sawa, naomba kujua faili limefika kwa nani nisikusumbue tena."

Ujumbe huo una heshima, una tarehe, na unamrahisishia anayejibu. Utumwe mapema. Ofisi za serikali zinafungua saa moja na nusu asubuhi na kufunga saa tisa na nusu alasiri, na asubuhi mhasibu bado hajazongwa. Mwezi wenyewe pia una uzito wake: mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, na malipo yasiyotoka kabla ya hapo huingia kwenye madeni ya mwaka unaofuata na kuanza foleni nyingine. Isitoshe Juni ni kati ya miezi ya Bunge la Bajeti, ambapo maofisa wengi huitwa huku na huko. Kwa hiyo ankara hii, iliyokuwa ikilala Nasubiri, leo inapanda Haraka kwa kazi ya dakika kumi: kumpata mhasibu kabla ya saa nne. Ikijibiwa, inarudi Nasubiri, safari hii ikiwa na jina na siku.

Mtihani wa nne: mwisho wa subira uko wapi? Vioo vya Dar vimelipiwa. Wakala wa mizigo aliahidi lori lingepakia jana jioni na kufika kesho, Jumatano. Vioo vikiwa havijafika hadi Jumatano jioni, fundi hawezi kuwawekea wateja wake wa Ijumaa. Kwa hiyo mstari unahitaji vitu viwili zaidi ya jina: siku ya kufuatilia, na siku ya kuacha kusubiri. Ukikamilika unasomeka hivi: "Vioo, wakala wa lori, niliuliza 1/6, nifuatilie 3/6 saa nne, visipofika 3/6 jioni ninunue vya madirisha mawili hapa mjini." Vya mjini vitamgharimu zaidi, na ndiyo maana asiamue leo kwa woga. Lakini ameshaamua lini ataamua, na asubuhi ya leo mstari huu unampita kwa sekunde tatu.

Kuna kosa jingine dogo linalojificha humu: kusubiri hela. "Ada ya mtoto, nasubiri hela" si Nasubiri, kwa kuwa hela haipokei simu. Ama inasubiri mtu fulani alipe, na basi mstari ufungwe kwa yule mtu, ama ni uamuzi wa kugawa hela iliyopo. Fundi anajua ankara ya Mtumba ikichelewa ada haitatoka humo. Anachoweza kufanya ni kumpigia mhasibu wa shule na kuomba kulipa kwa awamu. Hiyo ni kazi yake mwenyewe, na inapata tarehe: Alhamisi.

Dalili ya 3: mambo ya Baadaye hayarudi, au yanarudi kila siku

Dalili hizi mbili zinaonekana kinyume lakini chanzo ni kimoja: jambo limeahirishwa bila kuambiwa lirudi lini.

Chukua paa la karakana. Lilivuja Machi, bati mbili zinahitaji kubadilishwa. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mwezi Juni hakuna anayekumbuka kuvuja. Likiandikwa "paa, baadaye", litaonekana tena siku maji yatakapomwagikia mashine ya kukatia. Likipewa tarehe 15 Oktoba, linarudi wakati mafundi bati bado hawajagombaniwa na jua bado kali. Tarehe ya kurudi itoke kwenye jambo lenyewe, usiirushe tu wiki moja mbele. Jiulize: ni siku gani ya mwisho ambayo nikilianza bado nitalimaliza kwa utulivu?

Kodi ni vivyo hivyo. Kwa mtu anayelipa kodi ya makadirio kwa mwaka wa kalenda, awamu zinaishia 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Awamu ya Juni si ya kuandikiwa tarehe 30. Ni ya tarehe 22, Jumatatu, siku ya kuchukua namba ya malipo na kuona kama hela ipo. Wiki inayobaki ni ya mambo kwenda mrama.

Mambo mengine hayana tarehe bali yana tukio. "Mteja akimaliza plasta" ni alama halali ya kurudi, lakini tukio halikuamshi usingizini, kwa hiyo liandikie na siku ya kuchungulia kama limetokea.

Halafu kuna kibao cha nje. Kimeahirishwa tangu mwaka jana, kila kikirudi kinasukumwa tena wiki moja. Jambo likisukumwa mara ya tatu, usilipangie tarehe ya nne. Kuna uamuzi umejificha ndani yake: labda fundi hajui aweke jina gani, labda hataki kutumia hela hiyo, labda wateja wake wote huja kwa kuelekezwa na kibao hakitaongeza hata mmoja. Andika uamuzi badala ya kazi: "Nataka kibao au sitaki?" Fundi wetu akiwa mkweli atakifuta. Mimi napenda kuona mstari uliofutwa kwenye orodha ya mtu kuliko mstari uliokaa kwa adabu mwaka mzima.

Dalili ya 4: kupanga kwenyewe kunakula asubuhi

Robo saa inatosha kwa orodha ya watu wengi. Ikizidi nusu saa, unafanya kazi badala ya kupanga: umefika kwenye bei ya Iyumbu, ukachukua kikokotoo, ukaanza kuhesabu profaili. Weka alama, songa mbele.

Mpangilio wa kupitia nao huchangia. Wengi huanza na Haraka kwa kuwa ndiyo inayowatisha, wakifika Nasubiri wamechoka na wanaipitisha macho tu. Anza na Nasubiri, kwa sababu humo ndimo mambo hubadilika bila wewe kujua, na kila jibu lililokuja usiku linaweza kuzaa kazi ya leo. Kisha Baadaye, ila soma tu zile ambazo tarehe yake imefika, nyingine usiziguse. Haraka ije mwisho, ikiwa imeshapokea vilivyotoka kwingine. Kwa fundi wetu matokeo ya Jumanne hii ni haya: Haraka ina mhasibu wa Mtumba na fremu nne za Ilazo, jumla kama saa nne pamoja na njia. Nasubiri ina vioo. Vingine vyote vina tarehe, isipokuwa kibao kilichokwenda na maji.

Dalili ya 5: orodha ni safi saa moja, saa nne imevurugika

Angalia kwanza ulipanga kabla au baada ya kufungua WhatsApp. Ukifungua kwanza, aliyekuandikia wa mwisho ndiye atakayekupangia siku, na kaunta buku litabaki kumkubali. Ujumbe wa usiku usomwe wakati wa kupitia Nasubiri, na wa watu walio kwenye fungu hilo tu.

Ikiwa ulipanga vizuri na bado siku imevurugika, chanzo huwa ni mambo mapya yanayoingia bila kupita mlangoni. Mteja amefika karakana, mlango wake wa kuslaidi umetoka kwenye reli, anataka leo. Usimwandike chini ya orodha ya Haraka kana kwamba nafasi haina mwisho. Mpe swali lilelile la asubuhi: leo ikipita, nini kinaharibika? Kama ni mlango wa mbele na nyumba haifungiki usiku, ni Haraka, na kuna kitu lazima kitoke. Hapo fundi anarudi kwenye mistari yake miwili. Mhasibu ameshapigiwa. Ilazo haiwezi kutoka kwa sababu ya ufunguo. Basi mlango unakwenda saa kumi na moja baada ya Ilazo, na mteja anaambiwa saa hiyo usoni, siyo "nitapita baadaye". Kama ni mlango wa stoo, unapata Alhamisi.

Ikiwa hali hii inajirudia karibu kila siku, usilaumu nidhamu yako. Hesabu kwa wiki moja ni saa ngapi zilichukuliwa na mambo ya aina hiyo, kisha zipunguze kwenye zile tano. Fundi ambaye kila siku anapoteza saa mbili kwa matengenezo ya dharura ana Haraka ya saa tatu, na bei na ahadi zake kwa wateja zinapaswa kutolewa kwa hesabu hiyo.